Nikienda kwa kadhi, nitakuwa nimekosa subira?

Assalamu alaikum, Shangazi.

Nimeolewa miaka 9, tuna watoto watatu, tunakaa Likoni. Mume wangu ana matatu yake moja na duka dogo la vipuri. Mwaka juzi alioa mke wa pili Malindi, na mimi sikumpinga. Tangu hapo matumizi yakaanza kupungua, na sasa ni mwezi wa 14 sijapokea hata shilingi. Kodi na karo nalipa mimi kwa mahamri na viazi karai. Yeye akija huja usiku, hula nilichopika, alfajiri ameondoka.

Nilipomwambia mama, alinijibu, "Subira huvuta heri, mimi pia nilisubiri." Nikaenda kwa ustadhi wa msikiti wetu. Akanisomea aya ya wenye kusubiri kulipwa bila hisabu, akaniambia nikimshitaki mume wangu nitayapoteza malipo hayo yote. Usiku nalia kwenye mswala, kisha naogopa kwamba hata kulia ni kukosa subira. Nikienda kwa kadhi nitakuwa nimekosa? Na hii miezi niliyonyamaza, haki yangu imekwenda?

Mama watoto watatu, Likoni

*

Waalaikum salaam warahmatullah, mwanangu.

Hujakosa, na ukienda kwa kadhi hutakuwa umekosa. Na miezi yako 14 haijapotea. Ya watoto ndiyo inayonitia wasiwasi, nitakuja kwayo, maana hapo kila wiki unayongoja ina hasara yake.

Nianze na neno lenyewe, kwa sababu umebebeshwa neno ambalo maana yake imepindwa. Subira yetu ni swabr ya Kiarabu, na asili ya swabr ni kufunga na kuzuia. Ibn al-Qayyim, mwanachuoni wa Damaski aliyefariki mwaka 1350, alieleza kinachozuiwa ni nini: nafsi isipaparike, ulimi usimlalamikie Mungu, mikono isijipige mashavu wala kuchana nguo. Vitu hivyo vitatu vyote ni vyako mwenyewe, na anayevizuia ni wewe. Humo hamna mguu kuzuiwa usiende kudai haki.

Waarabu walilitumia neno hilo hilo pia kwa kiumbe anayefungwa na mwengine. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Anas bin Malik aliwakuta vijana wamemfunga kuku wanamlenga kwa mishale, akawaambia Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza wanyama wafanyiwe hivyo. Kitendo cha "kufanyiwa hivyo" katika Kiarabu cha hadithi ile kimetoka kwenye mzizi wa swabr. Basi kuna swabr ya mtu kujizuia mwenyewe, nayo imesifiwa. Na kuna swabr ya kufungwa na mtu mwengine ili upigwe, nayo Mtume aliikataza hata kwa kuku. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimemfikiria yule kuku.

Kuhusu machozi, tulia kabisa. Nabii Yakub ndiye aliyesema "fa swabrun jamil", subira njema, walipomletea kanzu ya Yusuf ina damu ya uongo. Akayarudia maneno hayo hayo alipompoteza mwana wa pili. Aya inayofuata hapo hapo inasema macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni. Alilia hadi akapofuka, na bado subira yake imeitwa njema. Alipoambiwa amezidi, akajibu kwamba anamshitakia Mwenyezi Mungu huzuni yake. Halafu, na hapa ndipo wengi hufunga msahafu kabla hawajamaliza, akawaambia wanawe, "Nendeni mkamtafute Yusuf na nduguye." Mwenye subira njema alilia, akaomba, kisha akatuma watu watafute. Hakukaa akangoja Yusuf aje mlangoni. Nabii Ayub naye alisema waziwazi kwamba dhara imemgusa, na Mungu akamwita mwenye kusubiri. Wanavyuoni wakaifafanua hivi: kumshitaki Mungu kwa watu ndiko kunakovunja subira, kumshitakia Mungu shida yako hakuivunji. Kwa hiyo kilio chako cha mswalani ni ibada, mwanangu. Usikiombee msamaha.

Sasa suala la mume asiyetoa. Si jipya, lilifika mbele ya Mtume mwenyewe. Hind binti Utba alimwendea akamwambia, Abu Sufyan ni mtu bahili, hanipi kinachonitosha mimi na mwanangu ila nichukue bila yeye kujua. Kama kulikuwa na mahali pa kumwambia mwanamke "subiri", palikuwa hapo. Jibu la Mtume likawa: chukua kinachokutosha wewe na mwanao kwa wema, yaani kwa kadiri ya kawaida, bila kuzidisha. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Imam Nawawi, katika Riyadh al-Salihin, ile inayosomwa misikitini mwetu, ameitia katika mlango wa maneno yasiyohesabiwa kuwa kusengenya. Na sababu ya kwanza aliyoitaja mlangoni humo ni mtu aliyedhulumiwa kupeleka malalamiko yake kwa kadhi au kwa mwenye uwezo wa kumpatia haki. Kwa hiyo wala usiogope kwamba utakuwa umemsengenya baba watoto.

Nawawi huyo huyo ana sentensi moja ambayo natamani kila mama wa pwani aijue. Sisi huku ni Washafi'i, na kitabu chake cha Minhaj ni katika nguzo za madhehebu yetu. Alipofika kwa mume aliyeshindwa kutoa nafaka ya mke, yaani matumizi yake, aliandika hivi: akisubiri, nafaka huwa deni juu ya mume, na asiposubiri, ana haki ya kuvunjiwa ndoa, kwa kauli iliyo dhahiri zaidi.

Neno alilotumia ni lile lile, "fa in swabarat", basi akisubiri. Tazama limekaa wapi. Limekaa katika sentensi yenye "akisubiri" na "asiposubiri", zote mbili halali, na anayechagua ni mke. Na akichagua kusubiri, subira yake haimfutii mume kitu: kila siku inayopita inaandikwa. Akaongeza tena kwamba hata mke akiridhika na ufukara wa mume wake, au akaolewa anaujua, bado anaweza kudai kuvunjiwa ndoa baadaye, kwa sababu kila siku mpya ina nafaka yake mpya. Basi anayekuambia, "Umeshavumilia miezi 14, sasa huwezi kugeuka," anasema jambo ambalo kitabu kimelikana.

Deni hilo ni kiasi gani? Katika Minhaj nafaka ya mke imepimwa kwa chakula: mudi mbili kwa siku kwa mume tajiri, mudi moja na nusu kwa wa kati, mudi moja kwa maskini, na juu yake kitoweo, nguo na makao. Mudi ni kama nusu kilo na ushei. Kumbuka hata Kiswahili chetu kimeita mahindi na mtama nafaka, neno limetoka huko huko. Tuseme mumeo ni wa kati. Miezi 14 ni siku 420 hivi, kwa mudi moja na nusu kila siku, inakuja mudi 630, zaidi ya kilo 300 za nafaka tupu kabla hujahesabu kitoweo, nguo wala kodi. Siku hizi kadhi hatapima mudi, atatazama pato lake na mahitaji yako, aamue shilingi. Nimekufanyia hesabu hii ili ujue kwamba kisheria mtu anayekula mahamri yako usiku ni mdaiwa wako.

Ila lipo jambo la kuangalia, nalo ndilo litakaloamua kesi yako. Ile haki ya mke kuvunjiwa ndoa ni pale mume asipokuwa na uwezo. Huyo hupewa muhula wa siku tatu, na akishindwa, ndoa huvunjwa asubuhi ya nne. Katika muhula huo mke anaruhusiwa kutoka kwenda kutafuta riziki, hilo nalo limeandikwa. Lakini mume mwenye uwezo anayekataa tu, kauli sahihi zaidi ya Minhaj ni kwamba ndoa haivunjwi kwa sababu hiyo. Kadhi humlazimisha atoe, kwa maana mali ipo na inaweza kufikiwa. Mumeo ana matatu na duka. Basi usiingie mahakamani ukasema "hana kitu" kwa hasira, wala usidai faskhi, yaani kuvunjiwa ndoa, moja kwa moja kama si hiyo unayoitaka. Sema ana uwezo na hatoi, omba aamriwe kutoa na kulipa ya nyuma. Ukifika mahali unataka kutoka katika ndoa kabisa, ziko njia nyengine: khului, yaani mke kujivua kwa kumlipa mume, au kuthibitisha madhara, mlango ambao Wamaliki wameupanua kuliko sisi. Mweleze kadhi yote, yeye ndiye atakayepima.

Na watoto. Nilisema hapa nina wasiwasi. Katika madhehebu yetu nafaka ya mke ikipita huwa deni, lakini ya mtoto ikipita imepita. Haigeuki deni juu ya baba mpaka kadhi aipitishe, au akuruhusu ukope kwa jina la baba. Maana yake ni kwamba ukinyamaza, haki yako wewe inalindwa na sheria, ya wanao inamwagika mchangani siku baada ya siku. Aliyekuambia unyamaze kwa ajili ya watoto hakujua hilo. Subira ni mali yako, unaweza kuitoa utakavyo, lakini huna ruhusa ya kusubiri kwa niaba ya mtoto wa miaka minne. Kwa hivyo dai la watoto lipeleke mapema, hata kama lako mwenyewe unataka kulipatia muda zaidi. Kwa sheria za Kenya unaweza pia kupeleka dai la matunzo yao katika mahakama ya watoto.

Mahakama ya Kadhi imo ndani ya Katiba ya 2010, kifungu cha 170, na kazi yake ni ndoa, talaka, mirathi na hali za Waislamu. Unaweza kwenda mwenyewe bila wakili. Pale masjala waambie unataka kufungua dai la nafaka yako na ya watoto, watakueleza fomu na ada. Beba cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, risiti za karo na za kodi. Ingia kwenye simu uchukue taarifa ya M-Pesa ya miezi yote hiyo: itaonyesha alipokuwa akikutumia na siku alipoacha, na hilo husema kuliko maneno. Kama huna daftari, anza leo. Andika kilichonunuliwa, siku, na nani amelipa. Andika ukweli mtupu. Nimemsindikiza mpwa wangu mahakamani kwa dai kama hili. Alizidisha tarakimu mbili tu kwa uchungu, mume akazikamata hizo mbili, na asubuhi nzima ikaishia kwenye hizo badala ya miezi minane ambayo hakutoa kitu.

Kadhi anaweza kuwaitieni wasuluhishi kwanza, mmoja wa upande wako na mmoja wa upande wake, kama ilivyo katika Suratun Nisaa aya ya 35. Usikatae. Chagua mtu wa kwenu anayejua kusema na anayejua bei ya unga, si yule mpole kuliko wote. Mkipatana, yaandikwe: kiasi gani, tarehe ngapi, kwa njia gani, na ya nyuma italipwaje. Suluhu ya mdomo ya "nitajirekebisha" ndiyo iliyokufikisha mwezi wa 14.

Na usihame nyumba kwa hasira, wala usimfungie mlango, kabla hujazungumza na kadhi. Mke akihesabiwa nashiza, aliyeasi, nafaka yake husimama tangu siku hiyo, na hoja hiyo ndiyo ya kwanza waume wengi kuishika. Lakini akikuinulia mkono, hapo toka na watoto uende kwa wazazi na uripoti. Fatuma binti Qais alipomtaka Mtume ushauri juu ya waliomposa, Mtume alimwambia wazi kwamba mmoja wao, Abu Jahm, hashushi fimbo begani. Alimwonya kabla hajaolewa. Hakumwambia aolewe kisha asubiri.

Nirudi kwa ustadhi wako. Aya aliyokusomea ni ya kweli, Suratuz Zumar aya ya 10: wenye kusubiri watapewa ujira wao bila hisabu. Kosa ni pale alipoiweka. Ujira ni wa subira ya msiba usio na mkono wa kuushika: maradhi, kifo, ukame, au dhuluma ambayo umefanya la kufanya na haijaondoka. Dhuluma yenye mlango wa kutokea haijageuzwa kuwa msiba wa Mungu. Anayedhulumu ni mumeo, na unapomnyamazia unamwacha azidi kujaza deni ambalo atalipa Kiyama akiwa hana matatu wala duka. Qur'ani yenyewe, Suratun Nisaa aya ya 148, imesema Mwenyezi Mungu hapendi ubaya utajwe kwa sauti, isipokuwa kwa aliyedhulumiwa. Na sura nzima imeitwa al-Mujadila, mwanamke mwenye kujadili, kwa sababu ya Khaula binti Thaalaba, aliyekwenda kwa Mtume kumlalamikia mumewe Aus na hakuacha mpaka aya zikashuka. Hakuna aliyemwambia Khaula amepoteza ujira wake.

Kusamehe kupo, na kuna fadhila kubwa. Lakini msamaha ni wa mwenye haki aliyekwisha kuishika mkononi. Siku kadhi atakapoandika kwamba unadai shilingi kadha, hapo ukitaka umsamehe nusu, samehe. Hiyo itakuwa yako, imeandikwa, na yeye ataijua ni zawadi. Leo huna cha kumsamehe, kwa sababu hajakubali hata kwamba unamdai.

Subira yenyewe utaihitaji, na nyingi. Kesi itaahirishwa. Utafika saa mbili asubuhi, uambiwe kadhi amesafiri, na mahamri ya siku hiyo hayakuuzwa. Wifi zako watakuja na maneno. Mtoto atauliza baba yuko wapi, na utakuwa na jibu kali ulimini. Hapo zuia: usimtukane baba yao mbele yao, usimlaani mke wa Malindi, ambaye huenda naye hajui kitu, usizidishe tarakimu, usiache sala. Shubiri, ule mti mchungu tunaopaka matitini kumwachisha mtoto ziwa, jina lake limetoka katika mzizi huo huo wa swabr. Mama anayeupaka hamchukii mtoto, wala hakukaa akangoja aache mwenyewe.

Mama yako usimbishie. Aliposema "mimi pia nilisubiri" alikuwa anakueleza maisha yake, na pengine zama zake hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba angeweza kuchagua. Mpelekee mahamri Ijumaa, kaa naye, umweleze kwamba unakwenda kudai matumizi ya wajukuu wake, si talaka. Kisha mwombe akusindikize. Mahakamani mwanamke aliyekuja na mamake huketi tofauti, hilo nimeliona kwa macho yangu.

Niandikie ukishapewa tarehe.

Shangazi